Bima ya afya kwa mwenye kibarua chake: ipi ianze, ipi ifuate, na namna ya kuilipa kwa M-Pesa

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kenya asiye na mwajiri wa kumkata mchango kwenye mshahara: mwendesha boda, mama mboga, kinyozi, fundi wa jua kali. Nimekuwa mweka hazina wa chama chetu kwa muda, na michango mingi niliyokusanya ilikuwa ya kumtoa mtu hospitalini. Ndiyo maana nazipanga bima hizi kwa swali moja: siku ukilazwa, nani atalipa bili?

Ya kwanza: SHA

Sioni ya kuipita kwa mtu wa kipato kidogo. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na haikuulizi umri wala ugonjwa ulio nao. Mwenye kisukari hulipa kwa kipimo kile kile cha mzima, na mchango mmoja hubeba mke au mume na watoto.

Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, lakini haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa huna hati ya mshahara, mapato yako hukadiriwa kwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mko wangapi. Yajibu wewe mwenyewe, polepole. Nimeona watu wakimwachia kijana wa usajili ajaze haraka haraka, kisha wanashangaa kupangiwa kiasi wasichokimudu. Ukiona kiasi hakilingani na hali yako, omba kikaguliwe upya kabla hujaanza kulipa.

Kuna jambo moja linalowaangusha wengi. Zamani ulilipa NHIF shilingi 500 kila mwezi na kadi ikafanya kazi. SHA inamtaka asiye na ajira rasmi alipe mwaka mzima kwa pamoja. Ukituma 300 leo na 300 mwezi ujao, pesa zitaingia kwenye akaunti yako, lakini ukifika hospitalini utaambiwa bima haijaanza. Hujaibiwa. Hujamaliza mwaka tu.

Chukua mwendesha boda wa Nakuru mwenye mke na watoto wawili, aliyepangiwa 450 kwa mwezi. Mwaka ni 5,400, na kwa siku ni shilingi 15. Hiyo 15 haimshindi. Kinachomshinda ni kuwa na 5,400 mkononi siku moja. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzifungia pesa mahali asipozifikia kirahisi. Akaunti ya kufunga ya M-Shwari inafaa, kwa sababu unachagua miezi mwenyewe. Ya pili ni Lipa SHA Pole Pole, mpango ulioanza 2025, ambapo mchango wa mwaka unalipiwa kwa mkopo nawe unarejesha kidogo kidogo. Mimi ningemshauri aweke akiba kama nyumba yote ni nzima, na akope kama mke ni mjamzito au kuna mgonjwa, maana huyo hana miezi ya kusubiri.

Sasa tazama anachopata. Mke akijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya ngazi ya 4, SHA inalipa 30,000. Akijifungua kawaida, 10,000. Yeye mwenyewe akivunjika mguu na kulala siku sita, kitanda kinalipiwa 3,360 kwa siku, yaani 20,160, na upasuaji una kiwango chake pembeni. Bili ikizidi kiwango hicho, ziada ni yako, hasa katika hospitali za binafsi. Kwa hiyo uliza mapema, kabla hujaumwa, hospitali ya karibu nawe ina mkataba na SHA na huwa inatoza nini cha ziada. Zahanati na kituo cha afya ni habari nyingine: huko kwa matibabu ya kawaida unatakiwa uwe umesajiliwa tu, hata kama mwaka hujaumaliza.

Kulipa ni hivi. Piga *147# uone kiasi chako cha mwaka. Kisha ingia M-Pesa, Lipa na M-Pesa, Pay Bill, namba ya biashara 200222, na kwenye akaunti weka namba ya kitambulisho cha mwenye bima. Soma namba hiyo mara mbili kabla ya kuweka siri yako, kwani tarakimu moja ikikosewa, mchango unaweza kwenda kwa mtu mwingine, na ujumbe wa M-Pesa utakuja vile vile kana kwamba mambo yako sawa. Rudi *147# baadaye uhakikishe hali yako imebadilika, na uone kama mke na watoto wote wameorodheshwa. Mtoto aliyezaliwa baada ya usajili hajiongezi mwenyewe. Na yeyote atakayekuambia umtumie mchango kwenye namba yake ya simu ili akulipie, usimtumie.

Ya pili: bima ndogo ya fedha za kulazwa

Hii haiilipi hospitali. Inakulipa wewe, kiasi fulani kwa kila usiku uliolala wodini, na pesa huja kwa simu. Nimeiweka ya pili kwa sababu inaziba pengo ambalo SHA haigusi: siku sita za kulala ni siku sita ambazo pikipiki haikutoka, na unga bado unahitajika nyumbani. Tuseme inalipa 500 kwa usiku. Siku sita ni 3,000. Haimalizi bili kubwa, na usimruhusu wakala akuambie inaweza kukaa mahali pa SHA.

Kabla ya kukubali ikatwe kwenye simu, uliza mambo manne. Inaanza kulipa usiku wa ngapi? Kwa mwaka inalipa usiku wangapi? Unasubiri muda gani tangu ujiunge, hasa kwa uzazi? Na mwezi mmoja salio likikosekana, bima inakatika siku hiyo hiyo au kuna siku za neema? Hili la mwisho ndilo linalowauma watu wa kipato cha kupanda na kushuka. Kisha ukilazwa, usitoke bila karatasi ya kuruhusiwa yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, jina likiwa sawa na la kitambulisho. Hakikisha pia kampuni ina leseni ya IRA, mamlaka inayodhibiti bima.

Ya tatu: bima ya binafsi ya kulazwa

Ni nzuri kwa anayeimudu bila kuiacha SHA. Kwa boda wetu wa Nakuru ningeisogeza mbali, kwa sababu bei hupanda na umri, na ugonjwa uliokuwa nao kabla mara nyingi huwekewa masharti au muda wa kusubiri.

Ya mwisho: akiba ya matibabu kwenye simu

Pochi kama M-Tiba inafaa kwa dawa na vipimo vidogo. Ila ni pesa zako mwenyewe: ukiweka 2,000 utatibiwa kwa 2,000.

Wenzangu wa boda, neno moja kuhusu ile stika ya thadi pati. Ni lazima kisheria, na inamlinda uliyemgonga. Mguu wako wewe uliyeshika usukani haumo. Nimekaa na zaidi ya mmoja wodini aliyekuwa akiitoa mfukoni kumwonyesha muuguzi.