Simu ya betri kubwa na kifundo cha mkono wangu, Lamu

Nilinunua simu ya betri ya mAh 7000 kwa sababu ambayo wanaoishi visiwani wataielewa mara moja. Kazi yangu ni kupanga safari za boti na mizigo baina ya Mokowe, mji wa Lamu, Shela na Faza, na simu ikizimika katikati ya maji, abiria amekwama gatini na nahodha hajui kama amngoje au ang'oe nanga. Kwa upande wa chaji simu hii haijaniangusha. Nikiichaji usiku, inanipeleka siku nzima ya simu na ujumbe na bado jioni ina cha kusomea. Lakini hapa nataka kuzungumzia uzito wake, na namna uzito huo unavyokaa mkononi, kwa sababu wauzaji hawalisemi hilo na mie limenigusa mwilini.

Baada ya muda wa kuitumia nilianza kusikia maumivu upande wa kidole gumba, pale kifundo cha mkono kinapoanza. Kushika birika, kufungua kifuniko, hata kukamua nguo, yote yaliuma. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea hakuanza na dawa. Aliniambia nimwonyeshe ninavyoshika simu ninaposoma, kisha ninavyoishika ninapozungumza, akatazama mkono tu bila kusema neno.

Akaniambia nikunje gumba ndani ya ngumi, kisha niinamishe ngumi polepole kuelekea upande wa kidole kidogo. Maumivu yakapanda hapo hapo. Akanieleza kwamba kano mbili zinazovuta gumba hupita ndani ya ala nyembamba pembeni mwa kifundo, na gumba likikazwa kwa muda mrefu huku kifundo kimepinda, ala hiyo huvimba na kano husuguana nayo. "Gumba lako, dada, halipumziki," akasema. "Linashika simu, linakaza, na papo hapo linafungua kurasa."

Nikaamua kuijua simu yangu vizuri. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee katika barabara yetu ya madukani, maana mizani ya dhahabu haina utani. "Ami, nipimie hii," nikamwambia. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hii ni nzito kuliko bangili zote nilizonazo hapa," akaipima. Simu peke yake ilikuwa gramu 231. Kava nene la mpira nililonunua nayo lilikuwa gramu 44, na kioo cha kukinga skrini gramu 9. Jumla 284. Simu yangu ya zamani, ya mAh 5000, na kava lake jembamba, ilikuwa gramu 207.

Hesabu hii ilinifunza kitu ambacho sikukitarajia. Betri ya mAh 5000 ya kawaida huwa na uzito wa karibu gramu 70, na ya mAh 7000 karibu gramu 100. Yaani betri yenyewe imeongeza kama gramu 30 tu. Kava na kioo cha kukinga vilikuwa na gramu 53. Kwa hiyo nusu ya lawama niliyokuwa nikiibebesha betri haikuwa yake. Ilikuwa ya lile kava la kujikinga na anguko, lenye kingo za juu kulinda kamera.

Uzito peke yake, hata hivyo, hauelezi kwa nini gumba ndilo lililoumia. Hapo ndipo suala la mizania linapoingia. Weka penseli mezani, laza simu juu yake kama ubao wa pembea, uisogeze mpaka isilale upande wowote. Mahali hapo ndipo uzito wote wa simu unapokutana. Simu yangu ina urefu wa sentimita 17, na ikiwa na lile kava ilisimama sentimita 8.9 kutoka chini. Nilipolivua, sehemu hiyo ilishuka hadi 8.6, kwa kuwa kava lilikuwa limeongeza uzito juu, penye kamera.

Sasa tazama mkono wako unaposoma kwa mkono mmoja. Wengi wetu tunaishika simu chini, ili gumba lifike kila mahali, na kidole kidogo tunakiweka chini yake kiwe kama rafu. Mshiko wangu ulikuwa kama sentimita 4.5 kutoka chini. Kutoka hapo hadi mahali uzito unapokutana ni sentimita 4.4. Simu ikilala bapa, zidisha gramu 284 kwa 4.4, unapata kama 1250. Hiyo ndiyo nguvu ya kuipindua simu ambayo gumba na vidole vinapaswa kuizuia, dakika baada ya dakika. Kwa simu ya zamani, mshiko ule ule ulikuwa sentimita 3.8 tu kutoka mahali pake pa mizania, na 207 mara 3.8 ni kama 790.

Nikabadilisha mambo mawili. Nikanunua kava jembamba la gramu 15 na kuondoa kioo cha kukinga, simu ikabaki gramu 246. Kisha nikapandisha mshiko hadi sentimita 7 kutoka chini, karibu kabisa na pale penye mizania. Tofauti ikawa sentimita 1.6, na 246 mara 1.6 ni kama 390. Hiyo ni chini ya thuluthi moja ya mzigo wa kwanza, na ni nusu tu ya mzigo wa simu yangu nyepesi ya zamani. Kusogeza mkono juu kumenisaidia kuliko kupunguza gramu, na hakukunigharimu hata senti.

Hesabu hii ina mipaka yake. Ni ya simu iliyolala bapa. Ukiisimamisha wima, uzito unashuka moja kwa moja kwenye kiganja, na hautaki sana kuipindua. Ukiiegemeza nusu, kati ya kulala na kusimama, nguvu hiyo inabaki kama saba kwa kumi. Pia mizania inapunguza kazi ya vidole na gumba, lakini haipunguzi kazi ya kifundo chenyewe, wala ya kiwiko. Kifundo kinabeba gramu zote, popote unaposhika, na kinachoka zaidi kinapopinda nyuma. Ndiyo maana kusoma ukiwa umelala chali, simu juu ya uso, ndiko kubaya kuliko kote: mkono uko hewani, kifundo kimekunjwa, na hakuna mfupa unaosaidia.

Kushika juu kuna gharama yake. Gumba halifiki tena vitufe vya chini vya skrini. Mie nimezoea kushika kwa mkono wa kushoto na kufungua kurasa kwa wa kulia, na nimekuza maandishi ili nisilazimike kuileta simu karibu na uso. Pete ya kubandika nyuma ya simu inasaidia pia, lakini ibandike pale penseli ilipokuonyesha, si katikati kwa kukadiria wala chini kabisa ili gumba lifike. Pete iliyobandikwa chini inakurudisha kwenye tatizo lile lile, ila sasa ni kidole cha kati kinachoteseka.

Usiku, ninaposoma vitabu na makala marefu, simu haimo mkononi kabisa. Fundi wa mbao alinitengenezea marufaa ndogo, mbali na ile ya Msahafu, yenye mdomo wa kuzuia simu isiteleze. Naiweka juu ya mto mapajani, nakaa kitako, na mikono inapumzika. Kwa yeyote anayesoma kwa muda mrefu naona hili ni la kwanza, kabla ya kufikiria kava au pete.

Simu za kuzungumza ni habari nyingine, na hapa watu wengi wanachanganya. Unapoiweka simu sikioni, sikio na shavu vinabeba sehemu ya uzito, na mkono unaishika karibu na katikati. Kwa hiyo mizania si tatizo kubwa. Tatizo ni kiwiko kilichokunjwa muda mrefu. Neva ya upande wa kidole kidogo hupita nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi, na ukikikunja kiwiko sana kwa muda mrefu inavutwa na kubanwa. Nikizungumza na manahodha kwa muda mrefu msimu wa wageni, kidole kidogo na cha pete vilikuwa vikifa ganzi. Mtaalamu aliniambia wazi kwamba simu nyepesi isingeniondolea ganzi hiyo, kwani hata mkono mtupu ukikunjwa hivyo unaweza kufa ganzi.

Dawa ya hilo kwangu imekuwa iafoni ya waya yenye maikrofoni, simu ikiwa mfukoni au juu ya baraza. Laudspika siipendi, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na bei ninayompa mteja mmoja haimhusu jirani. Kuibana simu baina ya bega na sikio nako nimekataa: kunahamisha maumivu kutoka mkononi kwenda shingoni, na simu pana na nzito kama hii inateleza.

Ukisikia maumivu, basi, tazama kwanza yako wapi. Yakiwa pembeni mwa kifundo upande wa gumba, na kuzidi unaposhika kitu, chunguza mshiko wako. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete, tazama kiwiko. Ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikikuamsha usiku, ni ya neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, na hiyo usiichezee nyumbani. Nenda ukaonwe, na vivyo hivyo kama mkono unaanza kuangusha vitu. Mie nilipewa pia kishikizo cha kulaza gumba kwa muda, na bila hicho nisingepona haraka, hata kwa mshiko mzuri.

Je, ningeinunua tena? Kwa kazi ya boti, ndiyo, kwa sharti la kava jembamba. Lakini dada yangu aliyeko Kizingitini aliponiuliza achukue ipi, nilimwambia asiichukue. Viganja vyake ni vidogo, hazungumzi sana kwa simu, na anasoma kila usiku amejilaza. Nilimshauri achukue simu isiyozidi gramu 190, na pawabenki ya mAh 10000. Pawabenki kama hiyo ina uzito wa gramu 200 hivi, karibu sawa na simu nyingine nzima, lakini uzito huo unakaa mkobani, si kwenye gumba. Simu mpya zenye betri za silikoni na kaboni zinaweka chaji nyingi zaidi kwa uzito ule ule, na akiipata moja kwa bei anayoiweza, aichukue hiyo. Aende tu dukani na penseli, aivue simu kava la maonyesho, na aishike wima na bapa kwa dakika kumi kabla ya kutoa pesa.