Opsheni ya kuuza au mkataba wa ghala: mahindi ya Iowa kabla ya mavuno

Tuseme ni Juni, na mahindi ya kukabidhiwa Desemba yanauzwa dola 4.50 kwa busheli katika soko la Chicago. Ghala la jirani linatoa mkataba wa dola 4.20. Ukisaini, bei imefungwa. Hulipi ada, lakini ukame ukikupunguzia mavuno bado unadaiwa busheli ulizoahidi.

Opsheni hukupa haki ya kuuza kwa 4.50 bila kukulazimisha. Ada yake, tuseme senti 25, hulipwa papo hapo: dola 1,250 kwa busheli 5,000, na hairudi. Chicago ikishuka hadi 3.80, opsheni inakulipa senti 70. Ikipanda hadi 5.50, unaiacha na kuuza mahindi yako kwa bei mpya.

Wengi hujidanganya kwamba sakafu yao, yaani bei ya chini kabisa watakayopata, ni 4.50. Ghala kwa kawaida hulipa chini ya Chicago. Pengo likiwa senti 30, toa na ada: unabaki na 3.95. Maghala yakifurika wakati wa mavuno, pengo likafika senti 50, unapata 3.75, na opsheni haifidii hilo. Mkataba wa ghala umeshalifunga pengo hilo. Mimi ningefunga ghalani sehemu niliyo na hakika ya kuivuna tu, iliyobaki niikinge kwa opsheni.