Herufi K moja imenizuilia hela za mafuta ya alizeti

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Ninauza mafuta ya alizeti hapa Dodoma kupitia soko la mtandaoni ambalo sitalitaja. Kabla ya mfungo niliuza madumu 30 ya lita tano kwa shilingi 32,000 kila moja. Walipokata asilimia 10 yao ikabaki 864,000. Madumu yalipanda basi kwenda Dar, wateja wakapokea, mmoja hata akaandika kwamba mafuta yana harufu nzuri. Hela haikuja.

Kwenye ukurasa wa malipo paliandikwa "Imeshikiliwa". Nikaenda benki. Nikapanga foleni, nikaambiwa hakuna kitu kilichoingia. Nikarudi tena wiki iliyofuata, jibu lile lile. Mara ya tatu yule dada wa dirishani alishanijua kwa sura. Hakuna aliyenieleza jambo ambalo sasa nalijua vizuri: malipo yakiwa "Imeshikiliwa", hela bado iko kwa wale wa soko na benki haina hata habari nayo. Benki huanza kuhusika ukiona "Imeshindikana", maana hapo hela ilitumwa kweli ikakataliwa na kurudishwa. Nauli yangu ya kutoka Nkuhungu mara tatu ilikwenda bure kwa kutojua tofauti ya maneno hayo mawili.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea akasema jina la akaunti yangu halifanani na jina nililojisajilia. Nikamwambia mimi ni mtu mmoja, akaunti ni yangu, nimeitumia miaka mingi. Akaniuliza, nanukuu kama alivyosema: "Sasa mama, Hadija na Khadija ni wewe au ni mdogo wako?" Halafu nikamsikia akicheka na mwenzake pembeni. Nilikata simu. Nilikaa kwenye kigoda jikoni na machozi yakanitoka, kwa sababu mwenye mashine ya kukamua kule Kizota alikuwa amenikopesha alizeti kwa kuniamini, na mimi namdai mtu anayenicheka.

Jina lenyewe liko hivi. Kwetu Kondoa wote wananiita Hadija, na kadi ya mpiga kura niliyofungulia akaunti zamani iliandikwa hivyo hivyo. NIDA waliandika Khadija, na namba ya mlipa kodi ikafuata NIDA. Sokoni nilijisajili kwa kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo wao wananijua kama Khadija, jina la baba, jina la ukoo. Benki wanaanza na jina la ukoo, kisha Hadija, kisha herufi moja tu ya jina la baba. Sikuwahi kujua, kwa sababu nilikuwa naangalia salio tu. Niliona siku dada yangu alipojaribu kunitumia shilingi 1,000 kwa simu kwenda kwenye akaunti hiyo. Kabla hajaweka namba ya siri, jina lilitokea kwenye kioo, bila K. Jina linalotokea pale ndilo benki inalokujua kwalo, hata kama kadi yako au kumbukumbu yako inasema vingine.

Na hapa ndipo nilipojiharibia zaidi. Nikaingia kwenye akaunti yangu ya sokoni, sehemu ya jina la mwenye akaunti ya benki, nikafuta Hadija nikaandika Khadija kwa mkono wangu. Kweli, mfumo wao ukanyamaza, hela ikaachiliwa. Nilifurahi, nikampigia hata mwenye mashine. Baada ya siku chache ikageuka "Imeshindikana". Soko lilikuwa limeridhika kwa sababu jina nililoandika lilifanana na usajili, lakini benki ilipopokea malipo ya Khadija kwenye akaunti ya Hadija ikayarudisha. Kwa hiyo ukiandika jina la benki wanakushikilia wa huku, ukiandika jina la NIDA wanakurudishia wa kule. Mume wangu akasema niweke akaunti yake. Hiyo usiijaribu kabisa. Waliona akaunti mpya yenye jina la mwanaume, wakafunga malipo yote wakisubiri uhakiki.

Nilitaka kuishia hapa na kuwaambia msiuze pale. Lakini lazima niseme pia habari za dada mwingine wa huduma kwa wateja, niliyempata nilipopiga simu asubuhi moja bila matumaini. Huyu aliniita "dada yangu" na akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mpangilio wa majina hauna shida, na herufi moja badala ya jina la baba mara nyingi inapita. Kilichonikwamisha ni K kwenye jina la kwanza. Akaeleza pia kwa nini wanakaza: kuna watu wanaingia kwenye akaunti za wauzaji, wanabadilisha namba ya benki, na hela ya jasho la mtu inakwenda kwa mwizi. Jina lisilofanana ndiyo dalili ya kwanza wanayoiona. Nilipoelewa hivyo nililainika. Kama mwizi angeweka akaunti yake kwangu, ningetaka wamshikilie hivyo hivyo.

Akanishauri nirekebishe benki, nisiguse usajili wa soko. Nikibadilisha soko liseme Hadija, nitatofautiana na NIDA na namba ya mlipa kodi, na shida itaibuka mahali pengine. Nikaenda kwa wakili, akaniandikia hati ya kiapo kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, shilingi 20,000. Benki nikajaza fomu ya kurekebisha taarifa za mteja, nikatoa kitambulisho cha NIDA na kile kiapo, nikaweka alama za vidole. Baada ya siku mbili dada yangu akajaribu tena ile shilingi 1,000 na K ikaonekana. Nililipiga picha lile jina. Benki wakanipa pia barua yenye mhuri inayoonyesha jina na namba ya akaunti.

Bado haikutosha. Sokoni ilibidi niifute ile akaunti ya benki na kuiweka upya pamoja na barua, kwa sababu mfumo wao hulinganisha majina pale tu unapoandika taarifa za benki, haurudii wenyewe. Na malipo yaliyoshindikana hayatumwi tena papo hapo. Yanarudi kwenye salio na kusubiri zamu ya malipo ya wiki inayofuata. Hili nalo halikuandikwa popote nilipoangalia. Kwa nini? Mngeandika mstari mmoja tu siku ya kujisajili, "jina la benki lifanane na kitambulisho, herufi kwa herufi", nisingepoteza mfungo mzima.

Hela imeingia, 864,000 kamili. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu kwa ajili ya yule dada wa asubuhi. Nimezishusha hadi moja sasa hivi, wakati naandika, maana nimekumbuka kile kicheko, na hadi leo hakuna aliyenipigia kuniomba radhi. Mwenye mashine nilimlipa siku hiyo hiyo jioni. Alipokea, akahesabu, akaniambia mzigo unaofuata nije na hela mkononi.