Mshahara au ushauri wa kujitegemea: hesabu kabla ya barua ya kuacha kazi

Tuseme mshahara wako ni 1,200 kwa mwaka, kwa fedha yoyote ile. Ukiugawa kwa siku 260 za kazi, siku moja ni kama 4.6, na unalipwa hata siku ya mafua au ya kikao kisicho na kichwa wala miguu.

Mshauri hana bahati hiyo. Akiondoa likizo, sikukuu na ugonjwa anabaki na siku 220 hivi, na kama 90 kati ya hizo huliwa na kusaka wateja, kuandika mapendekezo na kufuatilia ankara. Za kutoza ni 130. Kwenye zile 1,200 aongeze 360 za bima, akiba ya uzeeni na vifaa: 1,560 gawa kwa 130 ni 12 kwa siku. Anayetoza 6 akidhani amepanda, ameshuka.

Mwajiriwa huletewa kazi mezani. Mshauri huanza na wanaomjua, mara nyingi bosi wa zamani au mwenzake aliyehamia kwingine. Asome kwanza mkataba wake, maana mingine hukataza kuchukua wateja wa mwajiri.

Mshahara huingia kila mwezi. Mshauri akipata kazi mwezi wa 2, akaimaliza mwisho wa mwezi wa 3, na mteja akalipa siku 60 baada ya ankara, pesa ataiona mwisho wa mwezi wa 5. Mimi nisingeondoka bila akiba ya matumizi ya miezi 6. Mwenye mteja aliyekwisha kusaini anaweza kuthubutu na 4.