Nauli moja kuandikwa mara mbili: uzoefu wangu na toleo jipya

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika matumizi yangu ya kila siku kwenye programu ya simu iliyotengenezwa na kampuni changa, timu ya watu wachache tu. Niliipenda tangu mwanzo kwa sababu ni nyepesi. Kisha hesabu zikaanza kugoma. Nikijumlisha mwishoni mwa wiki, programu inasema nimetumia zaidi ya pesa iliyotoka mfukoni. Nilipopitia mstari kwa mstari, nikakuta nauli ya asubuhi imeandikwa mara mbili, kiasi kile kile, dakika ile ile.

Nilidhani kidole changu ndicho chenye makosa. Nikawa nabonyeza "Hifadhi" mara moja na kuiachia simu, lakini jioni nakuta mistari miwili. Baada ya kufuatilia siku kadhaa nikaona kwamba inatokea mtandao unapokuwa dhaifu, ule wa kuja na kupotea. Mtandao ukiwa imara hakuna shida, na usipokuwepo kabisa programu ilikuwa inakataa kuhifadhi. Nikawatumia watengenezaji picha za skrini pamoja na maelezo hayo.

Toleo jipya limekuja na taarifa fupi niliyoisoma mara mbili kwa furaha. Taarifa nyingi za aina hii husema "tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji", nawe unabaki hujui kama tatizo lako limeguswa. Hawa waliandika kwamba matumizi yaliyohifadhiwa kwenye mtandao dhaifu yalikuwa yanaweza kujirudia, kwamba kosa ni la programu na si la mtumiaji, na kwamba sasa mtu anaweza kuandika hata bila mtandao. Ile sentensi ya kosa ni la nani ilinigusa, maana nilikuwa nimejilaumu bure.

Nilipowauliza chanzo, walinijibu kwa lugha ya kawaida. Simu hutuma ingizo kwa seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza kumbukumbu, na seva inalihifadhi na kurudisha jibu kwamba limefika. Mtandao ukikatika kabla jibu halijarudi, simu haina njia ya kujua kama ingizo lilifika, kwa hiyo inatuma tena, na seva inaliona kama jipya. Sasa kila ingizo linapewa namba yake ya pekee humo humo kwenye simu kabla ya kutumwa. Likitumwa mara ya pili linakwenda na namba ile ile, na seva inajua tayari inalo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini marekebisho na huduma mpya vimekuja pamoja: kuandika bila mtandao kunamaanisha kutuma baadaye, pengine kwa kujaribu tena na tena, na bila namba hizo marudio yangezidi.

Nikajaribu mwenyewe. Niliweka simu kwenye hali ya ndege, nikaandika matumizi matatu. Kila moja likatokea na alama ndogo ya saa pembeni, maana yake linasubiri. Nikarudisha mtandao, nikauzima tena baada ya sekunde chache, nikauwasha tena. Alama zikageuka kuwa tiki moja baada ya nyingine, na mistari ikabaki mitatu. Nimelirudia jaribio hilo siku nyingine nikiwa safarini, mahali ambapo mtandao unasumbua kweli, matokeo yakawa yale yale.

Marudio ya zamani bado yapo, na taarifa ilisema wazi kwamba hawatayafuta. Mwanzoni nilikasirika kidogo, ila wana haki. Mtu anaweza kweli kulipa nauli mbili zinazolingana, yake na ya mwenzake, na programu haiwezi kuzitofautisha na kosa. Niliyapitia mwenyewe kwa kuangalia yenye dakika moja na kiasi kimoja, nikafuta ya ziada.

Jambo moja halikutajwa, nami naona ni kubwa. Ingizo lenye alama ya saa lipo kwenye simu yako tu. Niliandika moja la majaribio bila mtandao, nikaiondoa programu na kuiweka upya, nalo halikurudi. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha simu au kufuta programu, washa mtandao na usubiri hadi alama zote ziwe tiki. Nimewaandikia kuwaomba wasiongeze chochote ila onyo la sentensi moja, litokee pale mtu anapotoka kwenye akaunti huku kukiwa na maingizo yanayosubiri.