Monita Moja Pana au Mbili za Kawaida? Kwa Anayeshinda Kwenye Excel na Kodi za Programu

Habari zenu, karibuni tena. Leo nina monita tatu juu ya meza. Hii ndefu ni ya inchi 34, ile pana ambayo wengi mmeniomba niichambue, ina pikseli 3440 kwa 1440. Pembeni yake ipo ya inchi 27 ya kawaida, 2560 kwa 1440. Na ile ya mwisho ni ya inchi 24, 1920 kwa 1080, ya aina inayojaa maofisini na kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika. Swali ni kwa mtu mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja: majedwali makubwa ya Excel upande huu, na kodi, yaani maandishi ya programu, upande ule. Wapenda gemu na wahariri wa video mnisamehe, hii siyo yenu.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ile ya 34 ina urefu wa kwenda juu sawa na ya 27. Napima hapa na futi, mnaona wenyewe: kioo cha 34 kina sentimita 33 na nusu hivi kwenda juu, na cha 27 ni hivyo hivyo. Pikseli nazo ni 1440 kwa zote mbili. Kwa hiyo ukinunua ya 34 unapata ile ile ya 27 iliyoongezwa sentimita 20 hivi kwa upana. Hupati hata mstari mmoja zaidi wa kodi kwa chini. Shikeni hilo, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Nimefungua daftari la mahudhurio ya wafanyakazi, kazi ambayo watu wa rasilimali watu na wahasibu wanaijua vizuri. Kolamu ya kwanza ni jina, nimeipa pikseli 200. Ya pili ni namba ya mfanyakazi, pikseli 80. Kisha zinafuata siku 31 za mwezi, kila siku kolamu moja. Kolamu ya Excel usipoigusa, kwenye zumu ya asilimia 100, ina upana wa pikseli 64, kwa hiyo siku 31 zinakula 1984. Mwishoni kuna kolamu tano za jumla: siku alizofika, alizokosa, likizo, ovataimu na makato, kila moja 90. Jumlisha zote unapata pikseli 2714.

Nikiiweka kwenye monita ya 24, naishia siku ya 24 au ya 25. Zile jumla, ambazo ndizo ninazozitafuta, hazionekani mpaka nisogeze, na nikisogeza, majina yanapotea kama sijagandisha kolamu kwa Freeze Panes. Nikishusha zumu mpaka ikae yote nafika chini ya asilimia 70, na hapo tarakimu 3 na 8 zinaanza kufanana. Kwa mtu anayelipa watu mishahara, hilo ni jambo zito.

Nahamia kwenye monita pana. Angalieni hapo: jina kushoto kabisa, makato kulia kabisa, asilimia 100, sijasogeza chochote. Macho yanafuata mstari mmoja kutoka kwa mfanyakazi mpaka kwenye jumla yake. Kwa jedwali la namna hii peke yake monita hii inastahili sifa zote inazopewa, na sitazipunguza.

Lakini mimi sifanyi jedwali peke yake. Nina skripti ya Python inayosoma daftari hili na kukokotoa ovataimu, na ninataka nione vyote viwili pamoja, nibadilishe kanuni huku na nitazame namba kule. Kwa hiyo naiacha Excel ichukue nafasi inayoihitaji, halafu VS Code, ninamoandikia kodi, naipa kilichobaki. Kimebaki nini? Kwenye 3440 toa 2714, toa na namba za mistari na kile kitelezeshi cha pembeni vya Excel, unabaki na pikseli 670 hivi. Kwa herufi za ukubwa wa kawaida wa VS Code, ukishaondoa namba za mistari na ile ramani ndogo ya kulia, unabaki na nafasi ya herufi 65 au 70 kwa mstari. Utaratibu rasmi wa kuandika Python, PEP 8, unaruhusu mpaka herufi 79. Maana yake mistari mirefu inakunjwa au inajificha, na orodha ya mafaili haina pa kukaa.

Ukiamua kugawa kwa haki, Windows 11 inakupa mgawanyo wa madirisha matatu kwa kubonyeza Windows na Z. Ni mgawanyo mzuri kwa kazi nyingine. Ila kila dirisha linapata pikseli 1146, na Excel ndani ya nafasi hiyo inaonyesha kolamu 17 tu za kawaida. Ule upana ulioulipia umeuvunja vipande wewe mwenyewe. Ndiyo maana nasema monita pana inang'aa pale unapoipa kitu kimoja kipana, na inapoteza nguvu mara vinapokuwa viwili.

Basi, twende kwenye mbili. Wengi hununua pacha, mbili za 24 zinazofanana, kisha wanazipanga ubavu kwa ubavu na fremu ikawa katikati ya uso. Mpangilio huo siupendi. Ukikaa katikati unatazama plastiki, na ukikaa mbele ya moja shingo inageukia upande mmoja siku nzima. Halafu lile daftari letu bado haliingii kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Kulivuta dirisha moja la Excel lipite juu ya zote mbili inawezekana, lakini ile fremu inakata kati ya tarehe 25 na 26.

Ninachokipendekeza ni mbili zisizofanana. Ya 27 iwe mbele yako, katikati kabisa. Ile ya 24 isimame wima kushoto au kulia, umeizungusha nyuzi 90. Nenda Settings, System, Display, kisha kwenye Display orientation chagua Portrait. Daftari la mahudhurio kwenye ya 27 linaingia lote kwa zumu ya asilimia 90, na kwa asilimia 90 tarakimu bado zinasomeka bila kukunja uso. Kwenye ile ya wima naweka kodi.

Hapa ndipo ninapotaka mtazame vizuri. Monita ya 24 ikilala inanionyesha mistari 48 hivi ya kodi kwenye VS Code. Ile pana, pamoja na bei yake yote, inaonyesha mistari 65 na ushee. Hii ya 24 iliyosimama inaonyesha zaidi ya 90. Nikifungua terminali chini bado nina mistari zaidi ya 70, fanksheni nzima ya ovataimu inaonekana mwanzo mpaka mwisho, na kosa likitokea nalisoma pale chini huku namtazama mhusika pale juu. Upana wake sasa ni pikseli 1080, unatosha herufi 100 kwa raha. Orodha ya mafaili naificha kwa Ctrl na B, naiita ninapoihitaji.

Nidokeze jambo kwa wanaoanza: ukiwa na Excel na kodi vimefunguliwa pamoja namna hii kwenye Windows, skripti ikijaribu kuandika kwenye faili lile lile lililo wazi itakataa na kukuletea hii:

```
PermissionError: [Errno 13] Permission denied
```

Usihangaike na kodi. Excel imelishikilia faili. Andika matokeo kwenye faili jingine, halafu lifungue hilo.

Kuhusu meza: monita pana inachukua sentimita 80. Ya 27 ni 60, na ya 24 iliyosimama ni 30 hivi pamoja na fremu, jumla 90. Tofauti ni ndogo. Pacha wa 27 wanafika 120, na meza nyingi za nyumbani zinaishia hapo.

Mikutano nayo izingatieni. Ukishiriki skrini nzima ya monita pana kwa bosi mwenye laptopu ya pikseli 1366, anapokea picha iliyobanwa mpaka asilimia 40, ukanda mwembamba wenye weusi juu na chini, na namba hazisomeki. Unaweza kushiriki dirisha moja tu, ila vile visanduku vya Excel vinavyojitokeza mara nyingine havimfikii. Ukiwa na mbili unashiriki ya 27 nzima, na barua pepe zako zinabaki kwenye ile nyingine.

Sasa, nani achukue monita pana bila kusita? Mwenye MacBook Air ya M1 au M2. Mashine hizo zinakubali monita moja tu ya nje. Ukichomeka kigawanyio cha kawaida cha USB-C chenye HDMI mbili, utaona picha ile ile kwenye zote mbili. Njia ya kuzunguka ipo, adapta za DisplayLink, lakini zinadai programu yake na zinaichosha kompyuta. Kwa mtu huyo, 34 ya 3440 kwa 1440 ndiyo jibu. Vilevile mtu ambaye kazi yake ni jedwali tupu, bajeti ya miezi 12 yenye makisio na matumizi halisi kila mwezi, na kodi anaigusa mara chache.

Lakini mkienda dukani, soma namba ya pili. Zipo monita pana za 2560 kwa 1080. Zinavutia kwa bei, ila zina urefu ule ule wa pikseli wa monita ya 24, na zikiwa za inchi 34 herufi zinakuwa na chembechembe. Kwa Excel na kodi, ziacheni.

Kwa ile ya kusimamisha, hakikisha kioo ni IPS. Muombe muuzaji aiwashe, fungua ukurasa mweupe, uzungushe kioo, kisha usogeze kichwa kushoto na kulia. Weupe ukigeuka njano au kijivu, huenda hicho ni kioo cha TN na kitakuumiza macho kikisimama wima. Dell U2412M zilizotumika zinafaa sana kwa kazi hii, zinazunguka kwenye stendi yake na zina pikseli 1920 kwa 1200, lakini hazina HDMI. Nenda na waya wa DisplayPort, au wa kutoka HDMI kwenda DVI.

Na ukichukua ile pana kwa laptopu ya zamani, usiondoke dukani kabla hujafungua Settings, System, Display, Advanced display. Ikikuandikia 30 Hz au 50 Hz badala ya 60, mshale wa mausi utaburuzika. Jaribu poti ya DisplayPort au USB-C ya laptopu kabla hujailaumu monita. Niandikieni hapo chini laptopu yako ni ipi, ina poti gani, na jedwali lako lina kolamu ngapi, nitakujibu kwa mashine yako.