Nyuki wa mzinga hulala ndani: programu ya picha iliyonimalizia krediti

Naandika nikiwa bado na hasira. Hii programu ya akili mnemba ya kutengeneza picha nimeilipia kifurushi cha krediti kwa pesa yangu, kila picha inakata krediti, na kazi ilikuwa moja: nyuki juu ya ua la alizeti, asubuhi, umande kwenye petali, kwa ajili ya lebo ya asali ya mzee mmoja mfugaji wa Sikonge. Tabora hii, ukikosea nyuki kwenye lebo ya asali, hata muuza karanga atakuuliza.

Na picha ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, nisiseme uongo. Vinyweleo vya kifua unaviona kimoja kimoja, chavua imenata miguuni. Nikamtumia mzee, akanijibu kwa sauti: "Kijana wangu, huyu nyuki alilala wapi?"

Programu ilikuwa imemjaza matone kuanzia kichwani hadi mbawa. Mzee ana haki. Nyuki wa asali usiku yuko ndani ya mzinga, hatoki mpaka jua lipashe. Wanaokutwa wameloa umande asubuhi mara nyingi ni nyuki wa aina nyingine, wale wa peke yao, wanaolala nje wakiwa wameng'ata bua. Mnunuzi wa mjini hataliona hilo, lakini mfugaji mwenzake ataliona kabla hajasoma jina la asali.

Nikaongeza kwenye prompti, yale maelekezo unayoiandikia programu, kwamba nyuki asiwe na umande. Wee! Matone yakazidi. Programu hizi hushika vitu vilivyotajwa kuliko neno la kukanusha. Ukitaja umande karibu na nyuki, umande unampata nyuki. Nyingine zina kisanduku cha pembeni cha kuandika usivyovitaka. Hii haina, na bei wanatoza ile ile.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikaambatisha picha. Jibu lao: picha ni sanaa, jifunze kuandika maelekezo. Basi. Hata pole hakuna. Mtu amelipa, ameeleza kosa mpaka la tabia ya mdudu, unamjibu kama mtoto aliyevunja kikombe!

Dawa nimeipata bila wao. Usikanushe; mpe nyuki sifa ya kuwa mkavu, na umande upe mahali pake pa kukaa:

```
side view of a honeybee on a sunflower, dry fluffy thorax,
sharp focus on the eye and wing veins,
dewdrops only along the far petal edge, fading into soft blur
```

Hapo kwenye fokasi ndipo wengi wanaharibu. Wanajaza "8k" na "everything sharp", wanapata nyuki wa plastiki. Kwenye kamera halisi, ukipiga mdudu kwa ukubwa wake ule ule kwenye kihisio, kwa tundu la lenzi la f/8, kinachokaa kwenye fokasi ni unene wa kama milimita 1 tu. Ndiyo maana jicho letu likiona nyuki, petali na majani ya nyuma vyote vimekaza sawasawa, linakataa. Kuandika f/8 peke yake hakukusaidii sana, kwa sababu programu haina lenzi. Imejifunza kwenye picha zilizokuwa na maneno hayo. Itajie kiungo kwa kiungo: kipi kikaze, kipi kififie. Nimemweka nyuki ubavu kwa sababu hapo jicho na ubawa viko karibu umbali mmoja, vinaweza kukaza pamoja. Ukimtaka uso kwa uso, kubali tumbo lipotee.

Picha iliyotoka, jamani, nilisahau hasira. Jicho limekaza, umande umerudi nyuma kwenye ncha za petali na kulainika. Mzee akasema huyu sasa ni wetu. Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Halafu nikaikuza kwa ajili ya kuchapa. Mguu mmoja unatokea tumboni! Miguu yote sita ya nyuki hutoka kifuani. Na ndani ya tone moja kuna dirisha la studio, porini Sikonge! Tone hufanya kazi kama lenzi, kwa hiyo ukichungulia ndani yake ulitakiwa uone ua na mbingu vimepinduliwa, mbingu chini. Nikapaka sehemu hizo mbili tu ili zichorwe upya, na kila jaribio lilikatwa krediti kama picha nzima, mpaka zikaisha.

Kwa hiyo nyota mbili. Kwa petali peke yake ningewapa nne bila kusita, maana hapo haijanikosea. Lebo imeenda kuchapwa, mguu nimeufuta kwa mkono kwenye simu, na ujumbe wangu wa pili kwa huduma kwa wateja, wa kudai krediti za mguu ule, haujajibiwa mpaka leo.